"Na na" imejirudia, "si" imepotea: kutafuta chanzo cha makosa ya maneno madogo katika ujumbe wa haraka

Jioni moja niliandikia kikundi cha watu tisa ninaofanya nao kazi: "Kesho lazima mfike mapema." Nilichokusudia ni "Kesho si lazima mfike mapema." Alfajiri walikuwa mlangoni wote tisa, na mmoja wao akanisogezea simu yake akisema, "Dada, hebu soma mwenyewe." Nikasoma. Mara ya kwanza bado niliiona ile "si", ingawa haikuwepo. Ilibidi nipitishe kidole neno kwa neno ndipo nikaamini.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia makosa ya aina hii, yangu na ya wenzangu, na ninayapanga kwa dalili kwa sababu chanzo cha neno lililojirudia sicho chanzo cha neno lililopotea, wala dawa zake hazifanani. Neno lililojirudia, "nitakutana na na Asha", linakera tu, maana msomaji anaelewa. Lililopotea ndilo la kuogopa, hasa likiwa "si", "bila", "hadi", "kwa" au "isipokuwa", kwa kuwa sentensi inayobaki mara nyingi ni Kiswahili safi kinachosema jambo jingine.

Kwanza kabisa: ni wewe au ni kifaa?

Kabla ya kubadilisha mipangilio yoyote, fungua sehemu tofauti ya kuandikia, kwa mfano daftari la simu, na uandike sentensi moja yenye maneno madogo mengi: "Nitafika na mama kwa basi la saa nne hadi kwa dada." Iandike mara kumi, polepole, macho yako kwenye maandishi na si kwenye vitufe. Kosa likitokea ukiwa polepole na ukiliona likitokea, tatizo liko kwenye kifaa au kibodi, ruka hadi dalili ya tatu. Zikitoka safi zote kumi, tatizo liko kwenye haraka, kuhariri na kusoma, na hiyo ndiyo hali ya wengi.

Kisha rudia jaribio hilohilo ndani ya programu unayotumia kila siku. Kama daftari ni safi na programu ndiyo inayorudia maneno, umeshapata mshukiwa bila kugusa kitu.

Dalili ya kwanza: neno dogo limeandikwa mara mbili na hukuliona

Chanzo kinachoongoza ni kusimama katikati. Unaandika "nimempa fedha kwa", unaacha kidogo kutafuta jina au namba, unarudi, na kichwa kinaanza upya pale kilipodhani kiliachia: "kwa Juma". Matokeo ni "kwa kwa Juma". Wanakili wa miswada walikuwa na kosa hilihili karne nyingi kabla ya simu: jicho linatoka kwenye nakala kwenda kwenye karatasi, na linaporudi linatua neno moja nyuma au neno moja mbele. Likitua nyuma, neno linarudiwa. Likitua mbele, neno linarukwa. Ukaguzi wake ni mwepesi. Ukirejea kutoka popote, soma maneno matatu ya mwisho kabla ya kugusa kitufe. Mimi nimejizoesha zaidi ya hapo: nikitaka kusimama, nasimama kabla ya neno dogo, si baada yake. Naacha sentensi kwenye "fedha", sio kwenye "kwa".

Chanzo cha pili ni kunakili na kubandika. Ulishaandika "kulingana na masharti ya" kisha unabandika kipande kinachoanza na "ya mkataba". Mshono ndipo penye kosa, karibu kila mara. Kwa hiyo ukibandika kitu, angalia neno moja kabla ya mshono na moja baada yake, mwanzoni na mwishoni mwa kipande.

Cha tatu ni mstari wa mapendekezo juu ya kibodi. Ukigusa pendekezo kabla ya kubonyeza nafasi, linachukua mahali pa neno unaloandika. Ukiligusa baada ya kubonyeza nafasi, linaongezwa kama neno jipya. Mtu mwenye kasi anabonyeza nafasi na kugusa pendekezo karibu kwa pamoja, na hapo "ya" zinakuwa mbili. Ukiona makosa yako mengi ni ya maneno uliyogusa badala ya kuyaandika, acha kugusa mapendekezo kwa maneno ya herufi mbili. Huokoi muda wowote kwa neno la herufi mbili.

Kuandika kwa sauti nako kunaleta hili, kwa sababu mtu akisita anasema "kwa... kwa Juma" na simu inaandika alichosema. Hapo hakuna kosa la mashine.

Sasa, kwa nini hukuliona? Utafiti wa usomaji wa Kiingereza umeonyesha kwamba jicho hutua kwenye takriban robo tu ya maneno ya herufi mbili au tatu. Mengine linayaruka na kuyakisia pembeni, ilhali maneno ya herufi nane na kuendelea karibu yote linatua juu yake. Maneno yetu madogo yana urefu uleule. Mahali pabaya zaidi ni mwisho wa mstari: "na" ya kwanza ikiwa mwishoni mwa mstari mmoja na ya pili mwanzoni mwa unaofuata, jicho linaporuka kutoka kulia kwenda kushoto halizikutanishi.

Kuna ukaguzi mmoja unaofaa kwa hili, na ni wa sekunde tano: laza simu. Mistari inakatika mahali pengine, na maneno mawili yaliyokuwa yametenganishwa yanasimama ubavu kwa ubavu. Kwenye kompyuta, punguza upana wa dirisha, ni kitu kilekile. Kusoma kinyume, neno la mwisho kwenda la kwanza, nako kunafichua neno lililojirudia. Ila usiutegemee kwa neno lililopotea. Ukisoma kinyume hakuna sentensi, na bila sentensi huwezi kujua kinachokosekana.

Kama andiko ni refu na limehifadhiwa kama faili, kwenye Linux au Mac amri hii inapanga kila neno kwenye mstari wake na kuonyesha yale yanayofuatana yakiwa sawa, hata yakikatwa na mwisho wa mstari au moja likiwa na herufi kubwa:

```
tr -s '[:space:]' '\n' < ujumbe.txt | uniq -di
```

Kwenye Word, hakikisha `Flag repeated words` imewashwa katika `File > Options > Proofing`. Neno la pili litapigiwa mstari mwekundu.

Lakini tahadhari, na hapa nawasihi wote wanaoandika Kiswahili: usifute kila neno lililoonyeshwa. Lugha yetu inarudia maneno kwa makusudi. "Waingie wawili wawili" inamaanisha jozi baada ya jozi. Ukifuta moja, "waingie wawili", wengine wote wamefungiwa nje. "Njoo mara moja" ni sasa hivi, "huja mara moja moja" ni kwa nadra. "Ongeza kidogo kidogo" na "ongeza kidogo" ni maagizo mawili tofauti, na anayechanganya rangi au saruji atakueleza tofauti yake. Kanuni ninayotumia ni hii: neno la kuunganisha, yaani "na", "ya", "wa", "kwa", "la", "cha", "ni", "katika", likijirudia, ni kosa karibu kila mara. Idadi, kielezi au kionyeshi kikijirudia, kama "moja moja", "pole pole", "yule yule", soma sentensi nzima kwanza. Kompyuta haijui tofauti hiyo.

Dalili ya pili: neno dogo limepotea na sentensi bado inasomeka

Hii ndiyo iliyonifikisha mlangoni alfajiri ile, kwa hiyo nitaifuata hatua kwa hatua kwa kutumia kosa langu mwenyewe.

Nilianza kwa kuandika "Kesho si vizuri mfike mapema". Haikunipendeza, inasikika kama nawakataza. Nikashikilia kitufe cha kufuta hadi "vizuri" ikaondoka na kuandika "lazima". Ukishikilia kitufe hicho, ufutaji unaongeza kasi, na kidole kilipoinuka "si" ilikuwa imeondoka nayo. Kichwani ilikuwa bado ipo. Hiki ndicho chanzo kinachoongoza cha maneno yanayopotea kwa wanaoandika kwa simu, kwa uzoefu wangu: si kuandika, bali kuhariri. Neno dogo lililo karibu na neno lililobadilishwa linafutwa pamoja nalo.

Ukaguzi wa kwanza ni wa papo hapo: kila ukibadilisha neno, soma upya neno lililotangulia na linalofuata. Cha kina zaidi ni kuacha kushikilia kitufe cha kufuta. Gusa neno mara mbili lichaguliwe lenyewe, kisha andika juu yake. Hapo neno la jirani haliguswi.

Chanzo cha pili ni mawazo kutangulia vidole. Ukiandika "nitakuja mama kesho" badala ya "nitakuja na mama kesho", akili ilishafika "kesho" wakati vidole viko "nitakuja". Kuna jaribio linalonigusa sana kuhusu hili. Mwaka 2010 Gordon Logan na Matthew Crump walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya watu wenye kasi ya kuchapa. Kwenye skrini walisahihisha kisirisiri makosa ambayo mchapaji alikuwa ameyafanya, na mara nyingine walipachika makosa ambayo hakuyafanya. Watu waliamini kilichoonekana kwenye skrini: walijilaumu kwa makosa yasiyo yao. Vidole lakini vilipunguza kasi baada ya makosa ya kweli tu, hata pale skrini ilipoonyesha neno safi. Ninachojifunza hapo ni cha kutumika: ukihisi vidole vimejikwaa kidogo katikati ya sentensi, hata kama huoni kosa, simama uangalie pale pale. Hisia hiyo ni ya kuheshimiwa.

Cha tatu ni kuandika kwa kuburuta kidole. Mburuto wa "si" au "ni" ni mfupi mno, na kibodi huweza kuuchukua kama mguso mmoja au kuunganisha na neno linalofuata. Yagonge maneno madogo kitufe kwa kitufe, yaburute marefu tu.

Cha nne ni kisahihishaji cha lugha nyingine. Kibodi iliyowekwa Kiingereza inaweza kugeuza "si" kuwa "is" na "na" kuwa "an". Neno halijapotea, limebadilishwa, ila kwa msomaji ni yaleyale. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi. Hilo lisipotosha, zima usahihishaji: kwenye Gboard, kibodi ya Google, ni `Text correction > Auto-correction`, kwenye iPhone ni `Settings > General > Keyboard > Auto-Correction`.

Kusoma kimya kimya hakusaidii hapa, maana unasoma kilicho kichwani. Nilisoma ujumbe ule mara mbili kabla ya kuutuma. Kinachosaidia ni sikio: iambie simu ikusomee. `VoiceOver` ya iPhone na `TalkBack` ya Android zote husoma kwa sauti kilichoandikwa, si ulichokusudia, na "kesho lazima mfike mapema" ikitamkwa na mtu asiyejua nia yako inashtua. Kama huna nafasi ya kusikiliza, soma kwa kunong'ona huku kidole kikigusa kila neno, na kidole kisisogee mpaka neno litamkwe.

Ila dawa ninayoiamini kuliko zote ni kubadilisha sentensi yenyewe ili maana isining'inie kwenye herufi mbili. Kiswahili kinatupa njia hii bure, kwa sababu ukanushi unaweza kukaa ndani ya kitenzi. "Kesho si lazima mfike mapema" ikipoteza "si" inageuka. "Kesho hamlazimiki kufika mapema" haina neno la kupotea. Ikikosewa, itakosewa kwa namna inayoonekana. Vivyo hivyo "tuko wazi hadi saa kumi" ikipoteza "hadi" inabaki "tuko wazi saa kumi", na mtu atakuja saa kumi akute mmefunga. Andika "tunafunga saa kumi". Na "jaza fomu zote isipokuwa ya tatu" ni bora iwe "jaza fomu ya kwanza na ya pili, ya tatu iache". Herufi zinaongezeka kidogo, lakini agizo linasimama hata neno moja likidondoka.

Ujumbe ukishaondoka, usitegemee kuuhariri tu. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini aliyeusoma mwanzoni hana sababu ya kurudi kuutazama. Tuma mpya inayotaja kosa waziwazi: "Nimekosea hapo juu. Kesho HAMLAZIMIKI kufika mapema." Kuandika "*si" peke yake chini ya ujumbe kunawaacha watu wakijiuliza inaingia wapi.

Dalili ya tatu: maneno yanajirudia au kutoweka hata ukiandika polepole

Kama unaliona neno likijiandika mara mbili mbele ya macho yako unapobonyeza nafasi au kufuta, mara nyingi ni kibodi na kisanduku cha maandishi kutoelewana kuhusu neno ambalo bado limepigiwa mstari chini. Hutokea zaidi kwenye visanduku vya kurasa za wavuti kuliko kwenye programu kamili. Anza na rahisi: funga programu na uifungue tena, kisha sasisha programu na kibodi. Ikiendelea, zima mapendekezo kwa muda na urudie jaribio la sentensi kumi. Ikikoma, kibodi ndiyo, weka nyingine. Njia ya kuvukia leo ni kuandika kwenye daftari na kubandika.

Kibodi ya kompyuta iliyochoka kwa kawaida hurudia herufi, "naa", badala ya neno zima. Kwa hiyo "na na" safi yenye nafasi katikati mara chache ni kitufe kibovu. Kibodi isiyo na waya ikiwa na betri dhaifu inaweza kudondosha herufi au kurudia moja mfululizo; badilisha betri kabla ya kushuku kingine.

Mahali pa kuacha kujaribu mwenyewe

Skrini ya simu ikijigusa yenyewe, na ukiona kioo kimeinuka au mgongo wa simu umebenuka, hiyo inaweza kuwa betri iliyovimba inayosukuma skrini. Acha kuitumia, usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Ipeleke kwa fundi wa simu.

Ujumbe unaohusu kipimo cha dawa, ukomo wa mkataba au agizo la usalama kazini usipite kwa kuandika haraka kabisa. Kama umepokea ujumbe kama "mpe mtoto vidonge viwili kwa siku" na unahisi kuna neno limeruka, usikisie. Mpigie mfamasia au daktari aliyeandika, umwombe aseme kwa mdomo, umrudishie ulichosikia.

Na hili la mwisho naliandika kwa uzito wote. Mtu ambaye siku zote huandika vizuri akianza ghafla kutuma ujumbe wenye maneno yaliyorukwa na kupinda, naye haoni kosa hata akionyeshwa, mpigie simu umsikie akiongea. Madaktari wameshaeleza wagonjwa wa kiharusi ambao dalili ya mapema ilikuwa ujumbe wa simu usioeleweka. Kama maneno yanamkwama, uso umelegea upande mmoja au mkono umekosa nguvu, ni dharura ya hospitali dakika hiyohiyo, na kumbuka saa aliyotuma ujumbe wa mwisho ulio sawa, kwa sababu daktari atauliza dalili zilianza lini. Ikiwa mabadiliko yamekuja taratibu kwa miezi, si mbio za usiku huo, lakini ni miadi ya daktari, na ule ujumbe wa zamani na wa sasa vichukue uende navyo.